Kazi ya fundi cherehani imeliwa na nani, mtumba au nguo mpya za bei chee?

Mshono_Mnyoofu (mwanzisha uzi)

Habari za humu ndani. Mimi ni fundi cherehani, kazi hii nimeifanya tangu nikiwa binti. Zamani mteja alikuja na kitambaa chake, nikampima, nikamkatia, akarudi kujaribu. Siku hizi wengi wanaoingia wana gauni la mtumba mkononi: nipunguzie hapa, toa mikono, badilisha zipu.

Kila mjadala wa jambo hili unaishia kusema mtumba ndio umetumaliza mafundi. Mimi nadai si hivyo, au si hivyo tu. Mtumba ulinipokonya mishono ya nguo za kila siku, hilo siwezi kulificha, lakini ukanirudishia kazi ya marekebisho. Kilichonipiga zaidi ni nguo mpya za bei chee zinazotolewa viwandani kwa kasi, zinazovaliwa msimu mmoja na kutupwa. Hizo hazileti hata kazi ya kurekebisha, maana hazirekebishiki. Nipingeni, ila kwa hoja.

Kijana_wa_Viwanda

Dada, unatetea kinachokumaliza. Rwanda walipiga marufuku mitumba na leo wana viwanda vyao. Nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki zingesimama pamoja, mafundi mngekuwa mnakataa kazi kwa wingi wake. Shida ni woga wa viongozi.

Mzee_Forodha

Kijana, tuweke mambo sawa. Rwanda haikupiga marufuku, ilipandisha ushuru. Mwaka 2016 ilitoka senti 20 za Dola kwa kilo hadi Dola 2.50 kwa kilo. Belo la kilo 45 lililokuwa likilipa Dola 9 likaanza kulipa Dola 112 na nusu. Kwa mfanyabiashara mdogo hakuna tofauti na marufuku, nakubali, lakini kisheria ni vitu viwili.

Uamuzi wa Jumuiya ulikuwepo. Wakuu wa nchi walikubaliana Machi 2016 kuondoa mitumba hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani kikapeleka malalamiko kwa serikali yao, kikisema uamuzi huo unavunja masharti ya AGOA, ule mpango wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda peke yake ikashikilia msimamo, na tarehe 30 Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya AGOA kwa nguo za Rwanda. Mimi siuoni woga hapo. Kila nchi ilipima inachouza Marekani na ajira zilizomo. Rwanda ilikuwa ikiuza nguo kidogo sana huko, kwa hiyo ilikuwa na kidogo cha kupoteza. Kenya ina viwanda vizima vinavyoshona kwa ajili ya soko hilo.

Kijana_wa_Viwanda

Sawa mzee, ushuru. Lakini matokeo ni yale yale: mtumba ulipungua na viwanda vikapata nafasi.

Mzee_Forodha

Mtumba halali ulipungua, ndiyo. Nafasi yake haikujazwa na fundi wa Kigali peke yake. Nguo mpya za bei nafuu kutoka Uchina ziliingia kwa wingi, na mabelo mengine yakawa yanapita mipakani kwa njia za panya. Ndiyo maana nimevutiwa na hoja ya mwanzisha uzi. Ukimfungia mlango mtumba huku nguo mpya ya bei ya kutupa inapita mlango wa pili, sioni fundi amepata nini.

Shangazi_Mabelo

Mimi ndiye mnayenizungumzia, nafungua mabelo kwa riziki yangu. Naomba niseme kitu ambacho watu wa ushuru na watu wa viwanda hawakioni, kwa sababu hawajawahi kukata kamba ya belo.

Belo unalinunua likiwa limefungwa. Limeshindiliwa kwa mashine, limevikwa gunia la plastiki na kukazwa kamba. Nje kuna karatasi inayotaja aina, uzito na gredi, basi. Huruhusiwi kuchungulia. Unalipa fedha yote, unalibeba, ndipo unakata. Ukikata linafura, na harufu inakuambia kabla ya macho. Likinuka ukungu ujue lilifungwa likiwa na unyevu, na sehemu ya zile kilo 45 ulizolipia ilikuwa maji.

Nitawapa hesabu ya mfano. Tuseme belo la blauzi lina vipande 200, na mtaji wake tuuite 1,000. Kwa hiyo kila blauzi imekugharimu 5, lakini hakuna anayeuza zote kwa bei moja. Kamera, yaani zile za kuchaguliwa kwanza, ziko 40, unauza 15 kila moja: 600. Za kati ziko 80, unauza 6: 480. Za kumwaga chini ziko 50, unauza 2: 100. Zilizobaki 30 zina madoa, zimechanika, au hazivaliki kabisa. Umepata 1,180. Toa usafiri, mbebaji na ushuru wa soko, tuseme 80. Faida yako ni 100.

Sasa fanya blauzi 10 tu zihame kutoka kamera kwenda takataka. Kamera 30 zinaleta 450, kati 480, chini 100. Jumla 1,030, toa 80, unabaki na 950. Umekula hasara ya 50. Blauzi 10 kati ya 200 zimegeuza faida kuwa deni, na aliyepanga mabelo huko ng'ambo hana habari na wewe, fedha yake alishapokea.

Hizo blauzi 10 ndizo zimekuwa zikihama miaka hii. Mabelo yana vipande vingi zaidi vya kitambaa chembamba cha poliyesta, na zinazofaa kamera zinapungua.

Mama_Wawili

Asante shangazi. Na mimi naomba kuuliza, belo la nguo za watoto wa miaka miwili hadi sita linafaa kuanzia mtaji mdogo? Nataka kuanza biashara.

Shangazi_Mabelo

Mwanangu, uzi huu unauliza habari za mafundi, lakini nitakujibu kwa kifupi. Za watoto zina vipande vingi kwa kilo na watoto hawaishi kukua, kwa hiyo zinatoka. Usianze na belo zima. Nunua kwa vipande kutoka kwa aliyefungua, ujifunze macho kwanza.

Kamba_na_Pasi

Shangazi Mabelo, hesabu yako nimeipenda, ila unamsaidia nani kwenye mjadala? Dada Mshono anasema nguo mpya za bei chee ndizo adui na mtumba ni nafuu. Wewe unasema mtumba wenyewe sasa umejaa hizo nguo za bei chee. Basi si maadui wawili. Ni nguo ile ile inakuja mara mbili: mara ya kwanza ikiwa mpya dukani, mara ya pili ikiwa ndani ya belo baada ya mtu wa ng'ambo kuichoka.

Mshono_Mnyoofu

Kamba, hapo umegusa penyewe. Wacha nieleze kwa nini nasema hazirekebishiki, maana wengine wanadhani ni lawama za fundi asiyetaka kazi.

Chukua suruali ya jinzi ya pamba nzito, mtumba wa zamani. Mteja anataka kiuno kipungue. Nafumua mkanda kwa nyuma, nafumua mshono wa makalio kushuka karibu na panda, napima ziada, nakata, nashona upya, narudisha mkanda. Kitambaa kinavumilia. Ukipiga pasi, hata mimi mwenyewe inanibidi nitafute nilipogusa. Suruali ya suti ni rahisi zaidi, kwa sababu aliyeishona aliacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono wa nyuma. Mteja akinenepa naifungua, akipungua naibana.

Sasa leta gauni jipya la bei chee. Geuza ndani. Hakuna akiba yoyote, kimepita ovaloki moja tu ya nyuzi tatu, ikakata kitambaa hapo hapo ukingoni. Kutanua haiwezekani, hakuna cha kutanua. Kupunguza nako kuna mitego. Kitambaa ni cha kufuma chenye spandeksi, ukitumia sindano ya kawaida yenye ncha kali inakata nyuzi za kitambaa na tundu linaanza kukimbia kama soksi iliyochanika. Inabidi sindano ya ncha ya mviringo. Nikifumua mshono wa zamani, matundu yake yanabaki yakionekana. Nikiweka pasi yenye moto wa pamba, poliyesta inang'aa au inaungua. Nikimaliza kazi yote hiyo, bei ninayostahili inazidi bei ya gauni jipya. Mteja ananiangalia kama nimemwibia, na mimi simlaumu.

Fulana_Iliyopinda

Dada Mshono, hapo kwenye kugeuza ndani ongeza na hili: ishike fulana kwa mabega, iache ining'inie. Mshono wa ubavuni ukikimbilia mbele, imekatwa vibaya, na ukiifua itazidi kupinda. Nilifanya kazi kwenye chumba cha ukataji kiwandani. Wakitaka kubana kitambaa, vipande vya mchoro vinageuzwa kidogo visifuate uzi wa kitambaa, ili viingie vingi kwenye urefu mmoja. Kwa fulana moja huoni. Kwa maelfu ya fulana, kiwanda kimeokoa majora. Anayelipa ni mvaaji, baada ya kufua mara mbili.

Takwimu_Baridi

Niingize utafiti kidogo. Garth Frazer, mchumi wa Chuo Kikuu cha Toronto, alichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa nchi za Afrika kuanzia 1981 hadi 2000. Alikuta kwamba nguo zilizotumika kutoka nje zinaeleza takriban asilimia 40 ya kushuka kwa uzalishaji wa nguo, na takriban asilimia 50 ya kushuka kwa ajira katika sekta hiyo. Kwa hiyo Kijana_wa_Viwanda hajakosea kote. Mtumba uliuma.

Kijana_wa_Viwanda

Asante sana Takwimu. Nilijua tu.

Mzee_Forodha

Usisherehekee mapema, kijana. Asilimia 40 maana yake 60 ilitoka kwingine. Miaka hiyo hiyo ndiyo ya marekebisho ya kiuchumi. Ushuru uliokuwa unalinda viwanda uliondolewa, ruzuku ikakatwa, fedha ya kununua vipuri haipatikani. Viwanda vya nguo vilikuwa na mashine za zamani, umeme unakatika, na mitaji ni ya serikali. Rivatex ya Eldoret ilifungwa, ikaja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Halafu tarehe 1 Januari 2005 ule utaratibu wa dunia wa kugawa viwango vya kuuza nguo ukafikia mwisho, na viwanda vikubwa vya Asia vikapata uhuru wa kuuza popote. Mtumba ulikuta nyumba ina nyufa tayari.

Takwimu_Baridi

Mzee, hoja ya ukarabati wa uchumi ni nzito, lakini Frazer hakuwa kipofu. Alijaribu kutenganisha athari ya mtumba na mambo mengine, hakuchora mistari miwili tu na kusema inafanana. Ninachokubali ni hiki: alipima viwanda. Fundi mmoja kibarazani na cherehani ya kukanyaga hayumo kwenye takwimu za viwanda. Swali la dada Mshono ni la fundi huyo, na kwa huyo hatuna namba nzuri.

Mshono_Mnyoofu

Ndiyo hasa. Kiwanda kilipofungwa, mimi sikupoteza mshahara, nilipoteza kitambaa. Kitambaa cha bei nafuu cha kununua kwa mita kilipoadimika, mteja hana cha kuniletea. Akipiga hesabu ya kitambaa, uzi, zipu na ushonaji, mtumba unashinda kabla sijataja bei yangu.

Binti_Chuo

Natofautiana na wote kidogo. Mnaongea kama mnunuzi hana haki. Mimi nimesoma kwa nguo za mtumba, mama yangu alitulea hivyo. Nguo nzuri ya pamba, imara, kwa bei ambayo fundi asingeweza. Mkifunga mlango, anayelipa kwanza ni mama wa watoto watano, na ndiye hayupo kwenye vikao mnavyovitaja.

Kijana_wa_Viwanda

Dada Binti_Chuo, mama huyo huyo angekuwa na ajira kiwandani asingehitaji mtumba.

Binti_Chuo

Angekuwa. Mpaka kiwanda kijengwe watoto wanavaa nini? Halafu jiulize kiwanda hicho kitashonea nani. Vinavyouza Marekani vinashona oda za huko, nyingi kwa kitambaa kilichoagizwa kutoka nje, na mama huyo haioni nguo hiyo mpaka imerudi ndani ya belo.

Kamba_na_Pasi

Hapo Binti_Chuo amepiga bao. Kijana, kunywa maji.

Dampo_Siyo_Jibu

Hakuna aliyegusa taka bado, kwa hiyo naingia. Shangazi Mabelo ametaja vipande 30 kati ya 200 visivyouzika. Hiyo ni asilimia 15 kwenye mfano wake. Soko la Kantamanto pale Accra, shirika la Or Foundation linakadiria kwamba nguo milioni 15 huingia kila wiki na karibu asilimia 40 huishia kuwa taka. Zinaziba mitaro, zinafika ufukweni zimesokotana kama kamba nene ndani ya mchanga. Huko Chile nguo zisizouzwa zinazopitia bandari huru ya Iquique zimekuwa zikitupwa jangwa la Atacama. Hatuletewi nguo, tunaletewa gharama ya kuzitupa.

Shangazi_Mabelo

Mwanangu, asilimia 40 ya belo ingekuwa takataka, nani angerudi kununua la pili? Nimewaonyesha blauzi 10 tu zinaweza kunitia hasara. Nikipata 80 mbovu kati ya 200, nafunga kibanda wiki hiyo hiyo.

Takwimu_Baridi

Kuna namba mbili zinazogombana hapa. Chama cha wafanyabiashara wa mitumba cha Ghana kilitoa ripoti yake kikisema taka haizidi asilimia 5. Kati ya 5 na 40 si makosa ya kuhesabu. Naona wanapima vitu tofauti. Ukisimama kwenye belo linapofunguliwa ukahesabu zilizochanika na zenye madoa, utapata namba ndogo. Ukisimama mwisho wa wiki ukahesabu zote zilizotoka sokoni bila kununuliwa, hata zile zisizo na kasoro, namba inapanda. Kila upande pia una maslahi yake, mmoja unataka biashara iendelee, mwingine unataka watengenezaji wa nguo walipe.

Dampo_Siyo_Jibu

Blauzi nzima isiyonunuliwa ni taka vilevile. Mfereji hauulizi kama ina doa.

Shangazi_Mabelo

Isiyonunuliwa kwangu leo, kesho inanunuliwa na mchuuzi wa kijijini kwa bei ya chini. Hamuifuatilii mpaka mwisho wake, mnasimama getini kwangu mnahesabu.

Dampo_Siyo_Jibu

Na ya kijijini inaishia wapi? Huko hata gari la taka halifiki.

Tambara_la_Gereji

Nawaongezea kitu kutoka upande wangu. Nanunua nguo zilizoshindikana kuuzika, natoa vifungo na zipu, nakata vipande, nauza kwa magereji na viwanda vidogo kufutia mafuta. Hii ni njia ya kweli ya kupunguza taka, lakini inahitaji pamba. Pamba inanyonya. Poliyesta inasukuma mafuta kutoka upande mmoja kwenda mwingine, fundi magari anakurudishia mzigo wako. Nikipata gunia, kitu cha kwanza ni kupima kwa tone la maji. Likizama mara moja, chukua. Likikaa juu kama shanga, weka kando. Magunia ya siku hizi, yaliyowekwa kando ni mengi. Siwezi kuyauza, siwezi kuyachoma maana yanayeyuka na moshi wake ni mbaya, nayo yanajaza stoo yangu.

Kijana_wa_Viwanda

Si yasagwe yawe nyuzi mpya? Ulaya wana teknolojia hiyo.

Fulana_Iliyopinda

Wanajaribu, lakini sehemu ya nguo inayogeuzwa kuwa nguo mpya duniani haifiki asilimia 1, hayo ni makadirio ya Ellen MacArthur Foundation ya mwaka 2017. Sababu mojawapo ni mchanganyiko. Pamba tupu unaweza kuichana iwe nyuzi fupi, ukaichanganya na pamba mpya. Poliyesta tupu inaweza kuyeyushwa. Fulana moja ikiwa na pamba, poliyesta na spandeksi kidogo, kila mashine inakwama kwa sababu ya kile kingine. Spandeksi hata ikiwa kidogo tu inavutika na kuganda kwenye meno ya mashine ya kuchana. Halafu kuna lebo zinazodanganya na nyuzi za kushonea ambazo ni poliyesta hata kwenye nguo ya pamba.

Mzee_Forodha

Nirudi kwenye ushuru, maana hapa kuna jambo watunga sera wanaliruka. Mtumba hutozwa kwa kilo. Kilo ya takataka inalipa sawa na kilo ya makoti mazuri. Ukipandisha ushuru wa kilo, hujabagua ubora wowote, umemfanya mwagizaji atafute belo la bei ya chini zaidi ng'ambo ili afidie. Ubaguzi ungefanyika kule zinakopangwa. Nyumba kubwa za kupanga ziko Falme za Kiarabu, Pakistan, India na Poland. Huko ndiko za kwanza zinachomolewa ziende maduka ya nguo za zamani za fahari na Ulaya Mashariki. Sisi tunapata kinachofuata.

Dampo_Siyo_Jibu

Mzee, na wanaotengeneza? Ufaransa ina sheria tangu 2007 inayowataka wanaouza nguo wachangie gharama ya kukusanya na kupanga zilizotumika. Tangu Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo kando na taka nyingine. Nguo zitakazokusanywa zitaongezeka. Mchango ule unalipwa pale nguo inapouzwa mpya na unabaki kule, lakini nguo inasafiri mpaka kwa Shangazi Mabelo. Fedha nayo ingesafiri na belo.

Shangazi_Mabelo

Hilo naliunga mkono bila hata kufikiri. Kila belo lije na fedha ya kutupa vile vipande 30.

Mzee_Forodha

Ikija, mjue nani atapokea. Soko, halmashauri au mwagizaji? Nimeona tozo nyingi zikiingia bandarini zisifike kwenye mtaro.

Barakoa_2020

Mnakumbuka Kenya ilipozuia mitumba Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa, ikafungua tena Agosti? Mimi nashona. Miezi ile nilipata kazi mpaka usiku, nikaambia watu marufuku ndiyo dawa. Lakini nikitazama daftari langu la oda, karibu zote zilikuwa barakoa. Magauni hayakuongezeka. Watu hawakuwa na fedha wala pa kwenda. Kwa hiyo miezi ile haithibitishi upande wowote, na nawaomba wanaoitumia kama ushahidi waiache.

Kijana_wa_Viwanda

Hata mimi sitaitumia, miezi mitano haitoshi kujenga kiwanda. Lakini bado nashikilia: bila kulinda soko hakuna kiwanda cha vitambaa kitakachosimama, na dada Mshono amesema mwenyewe alichopoteza ni kitambaa. Pamba inalimwa hapa hapa Afrika Mashariki, na sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa haijasokotwa. Mimi naona ushuru ungeanzia kwenye nguo mpya za poliyesta, si kwenye mtumba. Hapo nadhani mimi na dada tumekutana.

Binti_Chuo

Na mama wa watoto watano je? Nguo mpya ya poliyesta ndiyo sare ya sikukuu anayoimudu.

Mshono_Mnyoofu

Kijana, tumekutana nusu ya njia. Binti_Chuo, mama huyo ni mteja wangu, nina deni naye la heshima, kwa hiyo sitasema anyimwe. Ninachokifanya kwa sasa ni kununua kwa Shangazi mashuka na mapazia ya pamba ya mtumba kama kitambaa. Shuka moja la kitanda kikubwa linatoa gauni la mtu mzima na sketi ya mtoto, na uzi wake umeshafuliwa mara nyingi, hautarudi tena. Nakwepa katikati ya shuka ambapo pamechakaa, nakata pembeni na kichwani. Kwenye mashuka nashindana na mtumba kwa mtumba. Ila mabelo ya mashuka nayo yameanza kuja na poliyesta. Shangazi, yale ya pamba tupu bado unayapata?

Shangazi_Mabelo

Yanapatikana kwa kuchanganyika. Njoo siku ya kufungua, mapema, kabla wachuuzi hawajafika. Na ulete lile tone la maji la Tambara.

Tambara_la_Gereji

Dada Mshono akichukua pamba yote, mimi nabaki na nini? Shangazi, tulikubaliana vipande vyangu.

Shangazi_Mabelo

Mtagawana. Yeye nzima, wewe zilizochanika.

Mama_Wawili

Samahani kurudi tena. Hiyo njia ya tone la maji inafanya kazi kwa nguo za watoto pia?

Tambara_la_Gereji

Inafanya, ila jaribu upande wa ndani. Nyingine zimepakwa dawa ya kulainisha upande wa nje, hata pamba inakataa maji hadi ifuliwe.